Hatua tano za 5E kama mifupa ya andalio la somo la sayansi: maelezo yaingie wapi? (Mfano: sakiti, Darasa la Sita)

MwlKisimani

Habari za jioni, walimu wenzangu. Ninaandaa somo la umeme kwa Darasa la Sita, na nimeamua andalio langu lisimame juu ya hatua tano za 5E, yaani kuvuta, kuchunguza, kueleza, kupanua na kutathmini, badala ya mpangilio niliouzoea. Darasa lina wanafunzi 84 na kipindi ni dakika 40. Fomu tunayoijaza shuleni kwetu bado ina safu za utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na tathmini.

Nilivyopanga ni hivi. Kuvuta, dakika 5: ninawasha tochi mbele ya darasa na kuuliza kwa nini inawaka. Kuchunguza, dakika 10: makundi yanaunganisha betri, waya na balbu kwa kufuata mchoro nilioubandika ubaoni. Kueleza, dakika 10: maana ya sakiti, sakiti funge na sakiti wazi. Kupanua, dakika 10: maswali ya kitabuni. Kutathmini, dakika 5: maswali matatu ya mdomo.

Mwalimu mwenzangu wa taaluma ameliona na kusema kwamba maana ya sakiti ianze kabla ya vitendo, kwa sababu wanafunzi hawawezi kuchunguza kitu wasichokijua. Ninaomba maoni yenu, hasa juu ya nafasi ya maelezo na juu ya muda.

KalamuNyekundu

Mwalimu, hongera kwa maandalizi. Nimekagua maandalio kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na kwa maoni yangu hapa hakuna jambo geni. Kuvuta ni utangulizi, kuchunguza na kueleza ni maarifa mapya, kupanua ni kuimarisha, na kutathmini ni tathmini. Badilisha majina tu, fomu yako itatosha. Ninakubaliana pia na mwenzako: mwanafunzi apewe kwanza maana ya jambo, kisha alithibitishe kwa vitendo, na tathmini ibaki mwisho kama ilivyo kawaida.

BiSayansi_Mvita

Huku Mombasa somo hili tunalifundisha chini ya mtaala wa umilisi. Mimi katika hatua ya kuvuta huanza na wimbo wa taa wenye kupiga makofi, na wanafunzi wote huchangamka hata wale wa nyuma. Nadhani tochi peke yake ni baridi mno kwa watoto baada ya mapumziko ya chakula. Andika wimbo mfupi, mwalimu, utaona tofauti.

MkufunziSayansi

Shikamoo Mzee KalamuNyekundu. Kwa heshima zote, ninaona kwamba ukibadilisha majina tu, kitu chenyewe kinapotea, na andalio la MwlKisimani linaonyesha namna kinavyopotea.

Mzunguko huu una asili inayojulikana. Mwaka 1962 Atkin na Karplus, wakishughulikia sayansi ya shule za msingi huko Marekani, walitenganisha ugunduzi na uvumbuzi wa dhana: mtoto hukutana kwanza na jambo kwa mikono yake, kisha mwalimu huleta dhana na jina lake, kisha dhana hiyo hupelekwa kwenye jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Rodger Bybee na wenzake wa taasisi ya BSCS waliongeza hatua ya kuvuta mwanzoni na ya kutathmini mwishoni, ndiyo tukapata tano. Kwa hiyo uti wa mgongo ni zile tatu za katikati na mfuatano wake. Ukitanguliza maana ya sakiti, kinachofuata kinakuwa uthibitisho: mwanafunzi anaangalia kama alichoambiwa ni kweli, na akikuta balbu haiwaki anadhani betri imekufa, hadhani kwamba wazo lake ndilo lenye shida.

Sasa niliangalie andalio lenyewe. Mwalimu, mchoro ulioubandika ubaoni umeshaeleza kabla hujafika kwenye kueleza. Kundi litaiga mchoro, balbu itawaka, na hakuna aliyelazimika kufikiri. Uondoe. Kila kundi lipewe betri moja ya volti 1.5, balbu moja ya tochi isiyo na kishikizi, na kipande kimoja cha waya cha sentimita kama 15 kilichomenywa ncha zote mbili. Waya uwe mmoja, kwa makusudi. Agizo ni moja tu: iwasheni balbu, na choreni kila mpangilio mliojaribu, uliowasha na usiowasha.

Mambo mengi hutokea hapo. Wengi huanza kwa kushikisha waya kwenye kichwa cha betri na kitako cha balbu, wakisubiri umeme upite kama maji kwenye mpira wa bustani. Haiwaki. Wengine huunganisha kichwa na kitako cha betri kwa waya ule ule na kusema waya umepata moto. Hilo ni jambo la thamani, lakini waambie waachie mara moja, kwa sababu betri huisha haraka na zile za alkali hupata joto kali kuliko za kawaida. Kundi litakalofanikiwa litagundua kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa: ncha ya chini na ubavu wa chuma wenye hesi. Likimaliza mapema, lipe kazi ya kutafuta njia nyingine. Zipo nne: ncha ya balbu juu ya kichwa cha betri na waya kutoka kitako kwenda ubavuni; ubavu kwenye kichwa na waya kwenda kwenye ncha; na hizo mbili tena kwa betri iliyogeuzwa.

Dakika 10 hazitoshi kwa kazi hiyo. Makundi 12 ya watu saba yanahitaji dakika 25 hivi, na ndiyo maana mzunguko huu si wa kipindi kimoja. Ukitaka hatua zote tano ziingie katika dakika 40, utaishia kuzikata zote. Mimi ningeutandaza kwenye vipindi vitatu: cha kwanza ni kuvuta na kuchunguza, cha pili ni kueleza, cha tatu ni kupanua na tathmini ya mwisho.

Na BiSayansi, sina ugomvi na wimbo, ila wimbo huamsha mwili. Hatua ya kuvuta inatakiwa kuleta swali na kuonyesha wanafunzi wanafikiri nini sasa hivi. Ningewapa karatasi yenye picha ya betri, balbu na waya vikiwa vimetengana, kila mmoja achore peke yake namna anavyodhani balbu itawaka. Zikusanye bila kusahihisha. Hiyo tayari ni tathmini, nayo ipo dakika ya nane.

KalamuNyekundu

Marahaba, mkufunzi. Juu ya mchoro ubaoni umenishawishi, kwa kweli sikuutilia maanani. Juu ya tathmini sijakubali bado. Mkaguzi akiingia darasani kipindi cha kwanza na asikute tathmini mwishoni mwa andalio, ataandika kwamba somo halikukamilika, na mwalimu ndiye atakayejieleza.

MkufunziSayansi

Mzee, hofu hiyo ni ya kweli. Njia rahisi ni kuijaza safu ya tathmini ya kipindi cha kwanza kwa kile kinachotathminiwa siku hiyo: michoro ya kila kundi yenye mipangilio isiyopungua mitatu, na sentensi moja ya kila mwanafunzi isemayo anadhani kwa nini mmoja haukuwaka. Safu imejaa, nami nimepata ninachokihitaji ili kuendesha kipindi cha pili. Kitu ambacho singekiandika hapo ni swali la maana ya sakiti, kwa sababu neno lenyewe halijafika.

FundiMaabara_TZ

Samahani kwa kuingilia, mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, si mwalimu. Kabla hamjaendelea, mwalimu ahakikishe balbu zake ni za uzi. Tochi nyingi zinazouzwa sasa zina taa za LED. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, hivyo kwa betri moja haitawaka kabisa, na darasa zima litahitimisha kwamba hakuna njia. Ukitumia betri mbili itawaka, lakini kwa upande mmoja tu: mguu mrefu lazima uelekee upande chanya. Mwanafunzi mwenye mpangilio sahihi aliyeigeuza atauandika kwenye orodha ya isiyowaka, na wakati wa kueleza mtakuwa na ushahidi unaojipinga.

Balbu za uzi za volti 2.5 bado zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme na huwaka kwa betri moja, ingawa kwa mwanga hafifu. Punguzeni mwanga wa darasa. Zikikosekana, mota ndogo kutoka kwenye deki mbovu ya CD huzunguka kwa volti 1.5, hata ukigeuza betri.

MkufunziSayansi

Fundi ameokoa somo hapa. Nyongeza yangu juu ya mota ni kwamba ina masikio mawili yanayoonekana, kwa hiyo fumbo la balbu, yaani kugundua kwamba inaguswa mahali pawili, linapotea. Mota ningeiweka kwenye kupanua, si kwenye kuchunguza.

Mwl_Baiolojia_Kibondo

Nami nina shida kama hiyo. Kidato cha Pili nafundisha usanisinuru, na jaribio la wanga kwenye jani linahitaji jani lichemshwe kwenye spiriti. Siwezi kuwaachia wanafunzi 60 wachunguze kwa uhuru na spiriti ambayo inashika moto. Je, hii 5E ni ya fizikia peke yake?

MkufunziSayansi

Hapana, mwalimu, ila kuchunguza si lazima kuwe kushika kifaa. Unaweza kulifanya jaribio wewe mwenyewe, spiriti ukiipasha ndani ya maji ya moto mbali na mwali, kisha ukawapa makundi majani yaliyokwisha kutiwa iodini: lililokaa juani, lililokaa gizani kwa siku mbili, na lililofunikwa nusu kwa karatasi nyeusi. Wao watafute ruwaza ya rangi na waseme kila jani lilikuwa wapi, kabla hujataja usanisinuru. Sharti ni kwamba ushahidi uwe mikononi mwao kabla ya maelezo.

MwlKisimani

Ninashukuru sana, nyote. Nimeondoa mchoro, na balbu za uzi nimezipata. Vipindi vitatu nimekubaliwa, kwa kuwa azimio la kazi lilikuwa limeipa mada hii vipindi vinne. Kinachonisumbua sasa ni kipindi cha pili. Wakishachunguza, mimi ninaingiaje? Nikianza kwa kuandika maana ubaoni ninahisi nimerudi kule kule.

MkufunziSayansi

Gawa ubao sehemu mbili, zilizowaka na zisizowaka, na kila kundi lichore mpangilio mmoja upande unaostahili. Makundi mawili yakichora mpangilio ule ule pande tofauti, usiamue wewe; betri na balbu zipo, wajaribu tena mbele ya wote. Ubao ukijaa, uliza swali moja: katika zote zilizowaka, ni sehemu zipi za balbu zimeguswa, na zipi za betri? Wape muda. Kwa kawaida darasa hufika kwenye sentensi kama hii: "Lazima uguse pawili kwenye balbu na pawili kwenye betri." Iandike ubaoni kwa maneno yao.

Hapo ndipo unapoonyesha balbu kubwa ya kioo angavu ya nyumbani, ya uzi, iliyoungua, ambamo wanaona nguzo mbili zilizoushika uzi, moja ikienda kwenye ncha na nyingine ubavuni. Sentensi yao sasa inapata sababu: njia inaingia upande mmoja, inapita kwenye uzi, na kutokea upande wa pili. Ndipo unaleta neno sakiti, halafu sakiti funge na sakiti wazi, na unarudi upande wa zisizowaka kuuliza kila moja imekatikia wapi. Ule mpangilio wa waya uliopata moto uache mwisho, kwa sababu pale njia haikukatika, ila imeiruka balbu. Hatua hii ni ya mwalimu, na aeleze kwa ukamilifu. Wapo wanaodhani kwamba katika 5E mwalimu hanyanyui chaki, na hilo si kweli.

Mdadisi_Arusha

Hapo ndipo ningependa kuweka shaka yangu. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark walitoa hoja kwamba mwanafunzi anayeanza hulemewa akiachiwa atafute mwenyewe, kwa kuwa nafasi ya kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika mambo akilini wakati mtu anafikiri, ni finyu, na kwamba maelekezo ya wazi humfaa zaidi. Je, dakika 25 za kujaribu-jaribu na waya hazingetosha kufundisha dhana na kufanya mazoezi mawili? Tuna mtihani wa Darasa la Saba mbele yetu.

MkufunziSayansi

Hoja yao ni nzito, na inawalenga wanaoacha wanafunzi bila mwongozo. Katika somo hili mwongozo upo ndani ya vifaa: waya mmoja, balbu moja, betri moja, agizo moja. Mwanafunzi hana mambo kumi ya kuyashika kichwani. Lakini ningekubaliana nawe kwamba kuna mada ambazo uchunguzi wake unakula muda kuliko unachorudisha. Majina ya sehemu za ua, kwa mfano, singeyapangia mzunguko mzima.

Kuna kikomo kingine ambacho ni kikubwa zaidi. Kuwasha balbu kunathibitisha kwamba njia lazima ifunge. Hakuthibitishi kinachopita ndani ya njia hiyo. Mwanafunzi anaweza kufaulu kila kitu hapo juu huku akiamini kwamba umeme unatoka pande zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, au kwamba balbu inaula umeme na unaorudi ni mchache. Mawazo yote mawili yanakubaliana na kila mchoro uliopo ubaoni. Usipoyatafuta, yatabaki.

BiSayansi_Mvita

Hili la balbu kula umeme ninalikuta kila mwaka, hata kwa wale waliokwisha kusoma tuisheni na wanaokariri kwamba sakiti ni njia kamili. Kwa kweli hao wa tuisheni ndio wananipa taabu kwenye kuchunguza, maana mmoja anaiwasha balbu kwa sekunde chache na wenzake sita wanabaki kutazama. Nifanye nini nao?

Mdadisi_Arusha

Mpe yeye kazi ya kuandika michoro tu, asiguse waya mpaka wenzake wamalize.

MkufunziSayansi

Pendekezo la Mdadisi linafaa. Mimi huwa ninamwomba aniambie kabla ya kujaribu ni mpangilio upi *hautawasha* na kwa nini. Mara nyingi maneno yapo na sababu haipo.

Kwa wazo la kula umeme, hatua ya kupanua inaweza kulikabili. MwlKisimani, maswali ya kitabuni uliyoyaweka pale ni mazoezi ya kitu kile kile, ilhali kupanua maana yake ni kuipeleka dhana mahali papya. Wape betri mbili na balbu mbili zilizo sawa, zikiwa zimefuatana kwenye njia moja. Kabla ya kuunganisha, kila mmoja aandike: ipi itawaka zaidi? Anayeamini kwamba balbu inakula umeme atasema ya kwanza. Zote mbili huwaka kwa mwanga hafifu na sawa.

FundiMaabara_TZ

Zikiwa kweli ni sawa. Balbu za bei nafuu kutoka boksi moja hutofautiana, na moja ikiwaka zaidi mtoto atasema nilijua tu. Wafundishe kuzibadilishana nafasi: kama mwanga mkali unahama pamoja na balbu, tofauti ni ya balbu, kama unabaki mahali pale pale, ndipo tuzungumze. Na betri zote mbili ziwe mpya au zote za zamani.

MwlKisimani

Nimeandika upya. Kipindi cha kwanza: mchoro wa kila mmoja peke yake dakika 8, uchunguzi dakika 25, kukusanya vifaa na sentensi moja ya kuandika dakika 7. Kipindi cha pili: ubao wenye pande mbili, balbu iliyoungua, kisha maneno sakiti, sakiti funge na sakiti wazi, halafu wanarudishiwa ile michoro yao ya kwanza na kila mmoja anaisahihisha mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kipindi cha tatu: balbu mbili, kisha tathmini.

Kwa tathmini nimechora mipangilio minne na kila mmoja anasema itawaka au haitawaka, pamoja na sababu. Wa kwanza ni sahihi. Wa pili waya unagusa kioo cha balbu. Wa tatu balbu imesimama juu ya kichwa cha betri, lakini waya unatoka kitako cha betri na kurudi kichwani, hauendi ubavuni mwa balbu. Wa nne una swichi, na swichi ipo baada ya balbu, si kabla yake. Swali ni kama balbu itazimika swichi ikifunguliwa.

KalamuNyekundu

Wa tatu ni mzuri sana, kwa sababu anayehesabu migusano tu bila kufuata njia atadanganyika. Ila katika safu ya fomu, maandishi ya wanafunzi kusahihisha michoro yao wenyewe yaandike chini ya tafakuri, yatakaa vizuri kabisa. Hapo fomu na 5E zinasaidiana, tofauti na nilivyosema mwanzo kwamba ni kitu kimoja.

MkufunziSayansi

La swichi ndilo ningelisoma kwanza ukishakusanya karatasi. Atakayesema balbu itaendelea kuwaka kwa kuwa umeme umeshaipita kabla ya kufika kwenye swichi bado yuko kwenye wazo la mpira wa bustani, hata kama majibu mengine matatu ni sahihi. Wakiwa wengi, kile kipindi cha nne cha azimio lako kina kazi.

Mdadisi_Arusha

Na wakiwa wachache, je? Watoto kumi kati ya 84 utawarudishia mzunguko mzima, au utawaeleza tu pembeni?

MwlKisimani

Hilo sijaliamua, Ndugu Mdadisi. Ninafikiria kuwapa tochi ya bati ya zamani waifungue na kufuata njia kwa kidole, maana mwili wake wenyewe ndio waya na swichi ipo ubavuni. Nitaleta hapa idadi ya waliokosa swali la swichi nikishasahihisha, ndipo tuone.